Jinsi ya Kushindwa kwa Heshima Mbele ya Picha ya Kahawa

Wewe ndiye daktari. Pengine una duka la pembejeo, pengine ulisomea kilimo chuoni, au pengine kahawa yako huzaa kuliko ya jirani. Lolote kati ya hayo linatosha kwa watu wa Manyatta, Runyenjes na Imenti kukuita daktari na kukutumia picha.

Na picha zinakuja. Saa mbili usiku simu inalia, unaifungua, unaona kitu cheusi juu ya kitu cheusi zaidi, na chini yake maneno manne: “Daktari, hii ni nini?” Unapenda kuitwa daktari. Nani asiyependa? Basi kidole chako kinaanza kuandika jina la ugonjwa kabla macho hayajaona chochote. Kizuie. Kuna namna ya kushindwa kuutambua ugonjwa na bado ukabaki daktari, tena mwenye heshima kuliko jana. Haikuli dakika tano, na mkulima hapotezi hata shilingi. Nitakuonyesha kwa jambo moja tu, matunda mabichi ya kahawa yanayogeuka meusi, kwa sababu hiyo ndiyo picha utakayotumiwa zaidi kati ya Mei na Julai, baridi ikiingia na matunda yakiwa yanajaa.

Hatua ya kwanza: jua anayekuandikia anaogopa nini

Anaogopa chulebuni, ule ugonjwa ambao wakulima wenyewe huutaja kwa herufi tatu, CBD. Uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Wakulima wa Meru na Embu waliporuhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwa mwenyeji wa nchi. Mwaka wa mvua na baridi, katika shamba lisilonyunyizwa dawa, unaweza kula hadi asilimia 80 ya matunda. Kwa hiyo mtu akiona doa jeusi kwenye tunda bichi, moyo wake umeshakwenda dukani kununua dawa ya kopa. Anachotaka kwako ni neno moja tu la kumfungulia pochi.

Usimpe, kwa sababu tunda bichi lina njia nyingi za kuwa jeusi. Chulebuni hulichimba: doa huwa jeusi, limebonyea kwenda ndani, na hali ya hewa ikiwa na unyevu hutokea juu yake unga wa rangi ya waridi iliyofifia. Ugonjwa wa madoa ya kahawia huacha doa kavu ambalo kwa kawaida halikubonyea hivyo, mara nyingi upande unaopigwa na jua. Jua lenyewe huunguza. Halafu yupo kidudu kidogo cheusi, urefu wake milimita moja na nusu hivi, ambaye hutoboa tundu la mviringo karibu na kitovu cha tunda na kuingia kwenye mbegu. Dawa ya kopa haimfanyi kitu kidudu huyo. Na dawa ya wadudu haiigusi chulebuni, ila itaua nyigu wadogo wanaokula wadudu wengine shambani, na mwezi ujao utatumiwa picha ya majani yaliyojaa vidudu vya kuchimba majani.

Tofauti ya hayo yote ni kama doa limebonyea au halikubonyea, na kama kuna tundu au hakuna. Ni vitu vya milimita moja. Picha yenye giza haiwezi kukuonyesha.

Hatua ya pili: itambue picha yenyewe imeugua nini

Hapa ndipo utakapowashinda wenzako wote, kwa hiyo tulia nami. Wengi hujibu, “Picha haionekani vizuri, tuma nyingine.” Mkulima anarudi, anasimama palepale, anapiga vilevile, anatuma picha ileile ya pili. Bando limekwisha na nyote wawili mmenuna. Picha mbovu ina sababu yake, na sababu hiyo imeandikwa ndani ya picha. Isome.

Tazama nyuma ya tunda. Ikiwa udongo au majani ya nyuma yanaonekana wazi na tunda ndilo lililofifia, simu ililenga mbali. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilichosogezwa karibu mno, na mkulima kwa bidii yake amelisogeza tunda hadi karibu liguse kioo. Mwambie arudi nyuma shibiri moja, aweke kiganja cha mkono wake nyuma ya tawi, kisha aguse kwa kidole pale tunda linapoonekana kwenye skrini kabla ya kupiga. Kiganja kinaizuia simu isikimbilie mandhari ya nyuma, na kinakupa wewe kipimo cha ukubwa wa tunda bila kuuliza.

Ikiwa kila kitu kina kingo mbilimbili, kama kimepigwa mara mbili, mkono ulitikisika au upepo ulipita. Mwambie alishike tawi kwa mkono mmoja na abane kiwiko cha mkono wenye simu ubavuni. Ikiwa picha nzima ina ukungu mweupe na kila mahali pa mwanga pameota miale, kioo cha kamera kina mafuta. Simu imekaa mfukoni na mandazi. Apanguse kwa kitambaa safi cha pamba.

Ikiwa ukivuta picha unaona miraba midogomidogo, hapo mkulima hana kosa. Picha imepitia kundi la familia, ikatumwa kwa binamu, ikapigwa skrinshoti, ndipo ikakufikia. Kila safari WhatsApp huibana ili iwe nyepesi. Omba ile ya kwanza, kutoka kwenye simu iliyoipiga, itumwe kwa alama ya HD au kama faili. Usipoteze muda kuivuta ile uliyo nayo; kilichobanwa hakirudi.

Giza nalo lina mtego wake. Utashawishika kuongeza mwanga kwenye simu yako, na una haki: ukiongeza mwanga unaweza kuona umbo, idadi ya matunda, mahali doa lilipo. Lakini usiamini rangi hata kidogo. Kijani kilichopigwa jioni hutoka karibu cheusi, na jani zima lililopigwa chini ya balbu ya manjano hutoka kama jani lenye njaa ya mbolea. Umbo ukubali, rangi ikatae, na umwambie hivyo.

Hatua ya tatu: usimwaibishe kwa alichokata

Picha iliyokatwa ina siri, na siri hiyo nakuachia wewe peke yako. Mara nyingi mkulima amekata magugu. Anajua daktari ataona pembeni palilio ambalo halikufanyika, au miti isiyopogolewa tangu mzee wake afariki, kwa hiyo anakutumia tunda moja likielea peke yake duniani. Ni binadamu. Wewe mwenyewe hupigi picha ya sebule kabla ya kuondoa vyombo.

Shida ni kwamba tunda moja halisemi limetoka wapi. Hujui kama ni mti mmoja uliopata doa au mstari mzima. Hujui kama doa liko juu kwenye jua au ndani ya majani mazito ambako unyevu hukaa. Hata kwenye majani ni hivyohivyo: umanjano unaoanzia majani ya zamani, chini, huelekea upungufu wa nitrojeni, unaoanzia majani machanga kwenye ncha huelekea upungufu wa chuma. Jani likishakatwa kutoka kwenye tawi lake, ushahidi huo umekufa.

Basi omba picha ya mti mzima, na uongeze sentensi hii bila kusita: “Magugu usijali, nataka kuona mti tu.” Itafungua milango ambayo ukali haufungui.

Hatua ya nne: andika jibu lenye vyumba vitatu

Chumba cha kwanza ni unachokiona. Cha pili ni usichoweza kukijua, pamoja na sababu. Cha tatu ni kitu gani kitumwe, na lini. Ukikosa cha kwanza, mkulima atadhani hukuitazama picha yake. Ukikosa cha pili, atajaza mwenyewe kwa hofu. Ukikosa cha tatu, umemwacha njiani.

Chukua mama wa Manyatta, shamba lake liko juu kuelekea msituni. Ametuma picha moja, ya jioni, tawi lenye matunda manne, mawili yana weusi. Mwandikie hivi:

“Habari ya jioni, Mama. Nimeiona picha. Naona matunda mabichi manne, mawili yana doa jeusi ubavuni. Siwezi kujua kama doa limebonyea au liko juujuu, kwa sababu kuna giza. Kitovu cha tunda hakionekani, kwa hiyo siwezi kujua kama kuna tundu la mdudu. Usinunue dawa wala usinyunyize bado. Kesho asubuhi, saa tatu hivi, nitumie picha tatu: mti mzima, magugu usijali, tawi moja lenye matunda mabovu, ukiwa umeweka kiganja nyuma, na tunda moja bovu ulilolipasua katikati kwa kisu, likiwa juu ya karatasi nyeupe. Uniambie pia kama ni SL28 au Ruiru 11, na mara ya mwisho ulinyunyiza nini.”

Tazama jinsi “siwezi kujua” ilivyosimama pale bila aibu, kwa sababu imeshikwa mkono na sababu yake. Tazama pia nilichokiacha nje. Sikuandika “huenda ni CBD.” Najua unalipenda neno huenda, linakufanya uonekane mjuzi na mwangalifu kwa pamoja. Lakini mama akifika dukani, huenda itakuwa imeanguka njiani, na atakayeongea kaunta atasema, “Daktari amesema CBD.” Dhana yako imekuwa mkebe wa dawa. Ukiwa na dhana, baki nayo wewe, ikuongoze kuchagua picha za kuomba.

Na ogopa kosa la pili, ambalo hata mabingwa hulifanya: kuandika “hakuna tundu” badala ya “sioni tundu katika picha hii.” La kwanza linamwambia mama shamba lake halina kidudu. La pili linamwambia picha yake haikufika hapo. Ukitoa la kwanza kutokana na picha ya ubavu wa tunda, umetoa hati ya afya kwa mgonjwa uliyemtazama kisogo.

Saa tatu asubuhi nimeichagua kwa kusudi. Umande umepungua, jua bado liko upande, na mwanga wa upande ndio unaoangusha kivuli ndani ya shimo la doa. Saa sita mchana jua liko utosini, kila kitu kinang'aa, na doa lililobonyea linaonekana bapa. Mwambie asimame jua likiwa ubavuni mwake, bila kulifunika tunda kwa kivuli chake.

Hatua ya tano: zisome picha mpya kwa mpangilio

Mama amerudi. Ya kwanza, mti mzima: majani mazito, matawi yameshikana, weusi uko ndani na chini zaidi kuliko juu. Hiyo ni habari ya unyevu. Ya pili, tawi: matunda matatu yana madoa yaliyobonyea, na la nne lina nukta ndogo ya mviringo pale kitovuni. Ya tatu, tunda lililopasuliwa: weusi umepita ganda na nyama na kuifikia mbegu. Ameandika kwamba ni SL28, na kwamba hajanyunyiza tangu maua yaanguke.

Sasa una haki ya kusema. Madoa yaliyobonyea kwenye tunda bichi linalojaa, weusi uliozama hadi mbegu, mti wa SL28 usio na kinga, shamba la juu lenye baridi, hakuna dawa: hayo matano yakikaa pamoja yanaelekea chulebuni. Laiti angesema ni Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele cha mlima anaouona akifungua mlango, ungesimama kwanza, kwa sababu aina hizo zilizalishwa ziukabili ugonjwa huu, na ungeuliza miche ilitoka wapi.

Lakini ile nukta bado. Mama hakulipasua tunda lenye nukta, alipasua lenye doa. Kwa hiyo jibu lako lina sehemu mbili, na usizichanganye: “Mama, matunda matatu yana dalili za chulebuni. Yaondoe yote yaliyooza na uyatoe shambani, na upunguze matawi ili hewa ipite. Dawa ya kopa itakinga yaliyo mazima, haitaponya yaliyokwisha kuoza. Kuhusu lile tunda lenye nukta kitovuni, bado siwezi kusema. Lipasue kupitia kwenye nukta yenyewe, unitumie.” Akilipasua na kukuta njia ndani ya mbegu na kidudu cheusi, ataanza kuokota kila tunda lililodondoka na kila lililobaki mtini baada ya mavuno, kwa maana humo ndimo kidudu hujificha. Akikuta pazima, nukta ilikuwa kovu tu.

Kitu kimoja cha kukuokoa hapa: ukiona utando wa rangi ya samawati iliyopauka juu ya majani, uliza kuhusu kopa kabla ya kutangaza ukungu. Dawa ikikauka huacha alama hiyo.

Hatua ya sita: picha inaposhindwa, tumia kidole

Kuna ugonjwa ambao picha nzuri kabisa inaweza kukunyima, kwa sababu imepigwa upande usiofaa. Ni kutu ya majani. Upande wa juu wa jani huonyesha mabaka ya manjano yaliyopauka tu, na hayo yana sababu nyingi. Ushahidi uko chini: unga wa rangi ya machungwa. Usiombe picha kali zaidi ya upande wa juu. Mwambie ageuze jani, alisugue kwa kidole, kisha apige picha ya kidole. Kidole chenye unga wa machungwa kitaonekana hata kwa kamera hafifu, na ukishakiona umemaliza.

Ujanja huohuo unawafaa wenye kabambe isiyopiga picha ya maana. Piga simu. Mwambie apitishe ukucha juu ya doa: unazama, au unateleza? Muulize kitovu kina tundu linaloweza kuingia ncha ya sindano? Mzee anayeishi na kahawa miaka 40 atakujibu kwa vidole vyake vizuri kuliko simu ya mjukuu.

Hatua ya saba: jua pa kukomea

Ukiomba picha mara mbili na bado hujui, usiombe mara ya tatu. Mtu huchoka, na aliyechoka hukisia. Sema: “Kwa picha siwezi kufika zaidi ya hapa.” Kisha mpe njia. Achume matunda kumi yenye madoa mapya, si yaliyokauka yakawa mkaa, pamoja na machache mazima, ayafunge kwenye gazeti kavu, aandike juu yake aina ya kahawa, mahali na tarehe. Gazeti, si mfuko wa plastiki. Ile mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na hata kama angeupata, matunda yangetoa jasho ndani yake na kuoza kwa kuvu nyingine, na maabara ingesoma uozo wa safarini.

Kifurushi hicho akipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yake. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, lina kituo Embu. Taasisi yake ya kahawa iko Ruiru na ina kituo kidogo Mariene, huko Meru. Aende asubuhi na mapema siku ileile aliyochuma, na picha zote ulizopokea azibebe kwenye simu, pamoja na ujumbe wako unaosema ni nini hukuweza kukiona. Afisa ataanzia hapo.